Watoto Wanaitikia lakini Hawatulii: Kutafuta Kasoro katika Ishara ya Mwito na Mwitikio

Ishara ya mwito na mwitikio ni kauli fupi au mdundo unaotolewa na mtu mzima mmoja, ukajibiwa na watoto wote kwa pamoja, kisha ukafuatwa na ukimya. Wengi huhesabu sehemu mbili za kwanza tu, na ishara inapowashinda hubadilisha maneno ya mwito wakidhani kwamba hayakuwa na mvuto. Kwa yale niliyoyaona katika kuongoza makundi ya watoto 50, 80 na wakati mwingine zaidi ya 100, kasoro mara nyingi haimo katika maneno ya mwito. Imo katika namna mwitikio unavyomalizika, na katika zile sekunde chache zinazoufuata, ambazo wengi wetu huzipoteza bila kujua kwamba tulikuwa nazo.

Ili kuitafuta kasoro vizuri ni lazima kwanza kujua ishara yenyewe inafanyaje kazi. Amri ya "nyamazeni" inamtaka mtoto aache jambo tamu bila kumpa jingine la kushika badala yake, ilhali mwito unampa kazi ya kufanya kwa mdomo uleule aliokuwa akiutumia kupiga soga, naye hawezi kuitikia na kuendelea na simulizi lake kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, mtoto aliye mbali ambaye hakukusikia wewe atawasikia wenzake walio karibu naye wakiitikia, na hivyo sauti ya watoto ndiyo inayoubeba mwito hadi mahali ambapo sauti yako haifiki. Hata hivyo, mwitikio hauleti utulivu wenyewe. Unachofanya ni kuiachilia midomo yote kwa mara moja, na mdomo ulioachiliwa hivyo haukai mtupu kwa muda mrefu.

Kabla ya kubadilisha chochote, tazama mambo matatu: ni watoto wangapi walioitikia, kelele ilishuka au ilipanda mara tu baada ya mwitikio, na ilipoanza upya ilianzia upande gani. Mtu aliye katikati ya vurugu hawezi kuyakumbuka haya kwa uhakika, kwa hiyo ninashauri uiache simu yako ikinasa sauti karibu na ukuta wa nyuma kwa dakika kumi za shughuli, kisha usikilize peke yako jioni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niligundua kwamba nilikuwa nikirudia mwito mara tano, wakati kichwani mwangu niliamini kwamba nilirudia mara mbili.

Dalili: wote wanaitikia, lakini kelele inapanda badala ya kushuka

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu ishara inaonekana kufanya kazi. Kundi lote linajibu kwa nguvu, mtu mzima anafurahi, na sekunde mbili baadaye ukumbi una kelele kuliko ulivyokuwa kabla ya kuita.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu, kwa kuwa kilinifundisha mengi. Nilikuwa na watoto 72 wa umri wa miaka 6 hadi 10 katika ukumbi, mara tu baada ya mchezo wa kukimbizana, na nilihitaji waketi ili nieleze mchezo uliofuata. Mwito wangu ulikuwa "Mko tayari?" na wao walijibu "Tuko tayari!" Walipojibu mara ya kwanza, sauti ilikuwa kubwa na silabi ya mwisho ilivutwa hadi ikawa mlio. Nami, kama wanavyofanya viongozi wengi, nikaweka mkono sikioni na kusema, "Sijasikia!" Wakajibu kwa nguvu zaidi. Kufikia mara ya tatu baadhi walikuwa wakirukaruka, wavulana wawili walikuwa wakishindana nani atavuta silabi ya mwisho kwa muda mrefu zaidi, na mimi nilikuwa nimekaribia kukauka sauti.

Nilipokaa kulifikiria jambo lile niliona sababu tatu zilizokuwa zimefungamana. Ya kwanza ni kwamba mwito wenyewe uliahidi mwanzo wa jambo. Mtoto anayeulizwa kama yuko tayari hujiweka tayari kukimbia, si kuketi, kwa hiyo maneno yangu yalikuwa yakiwasha moto niliotaka kuuzima. Ya pili ni kwamba neno "sijasikia" lilikuwa tuzo kwa aliyepaza sauti, na watoto walinielewa sawasawa: kazi waliyopewa ilikuwa ni kupiga kelele, wakaifanya kwa bidii. Ya tatu inatokana na lugha yetu. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu inavutika. Mwitikio wowote tutakaouchagua una mlango wazi mwishoni, na mtoto aliyechangamka atapita hapo hapo.

Nilichofanya ni kuivunja ishara katika ngazi tatu zinazoshuka. Niliita "Masikio?" kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo, nao wakajibu "Yapo!" huku wakishika masikio. Niliita "Macho?" kwa sauti ya chini zaidi, wakajibu "Yapo!" huku wakielekeza vidole machoni. Mwito wa tatu, "Mdomo?", niliutoa kwa mnong'ono, na mwitikio wake haukuwa na neno lolote bali kidole juu ya midomo. Pamoja na kila "Yapo!" niliinua kiganja kilichofunguka na kukifunga kuwa ngumi, na watoto walifundishwa kwamba ngumi inapofungwa, sauti inakatika. Ngumi hiyo ndiyo iliyofunga mlango wa irabu.

Sikuuanzisha utaratibu huu wakati wa vurugu. Niliufundisha mwanzoni mwa siku iliyofuata, wakiwa wameketi, kwa muda wa dakika sita hivi. Niliwaambia wazungumze na jirani zao kuhusu jambo lolote, nikawaacha kwa sekunde kumi, kisha nikaita, na tukarudia hivyo mara tano. Mara ya kwanza kuutumia baada ya mchezo wa kukimbia, "Yapo!" ya kwanza ilitoka kwa nusu ya watoto na kwa kelele, ya pili ikatoka kwa karibu wote na kwa sauti ya chini, na kwenye "Mdomo?" watoto wachache walisema "Yapo!" kwa mazoea, wakacheka. Sikuwakemea wala sikuita tena. Nilibaki na kidole mdomoni, nikiwatazama wale waliokuwa kimya, na ukimya kamili ulifika baada ya sekunde saba kwa hesabu yangu. Katika mara ya nne siku hiyo ulifika kwa sekunde tatu.

Jambo la kulishika hapa ni kwamba mwito wa mwisho lazima uwe wa sauti ndogo kiasi kwamba mtoto analazimika kunyamaza ili ausikie. Ukiwa mkubwa kama wa kwanza, ngazi zako hazishuki popote, nawe umewapa watoto nafasi tatu za kupiga kelele badala ya moja.

Sababu hiyo ya ahadi inaeleza pia kwa nini "Paukwa!" na "Pakawa!" hazifai kwa kazi hii, ingawa kila mtoto huzijua na huzijibu kwa furaha. Maneno hayo yameshaahidi hadithi. Ukiyatumia ili kuwapanga foleni, watatulia siku ya kwanza wakingoja hadithi, na siku ya tatu watakuona mwongo.

Dalili: wa mbele wanaitikia, wa nyuma wanaendelea na yao

Hapa watu huongeza sauti, na hilo ndilo kosa. Mwaka 1911 daktari Mfaransa aliyeitwa Etienne Lombard alieleza kwamba mtu anayezungumza mahali penye kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Watoto walio nyuma wanafanya vivyo hivyo: ukipaza sauti, wao bila hata kukuasi wanapaza yao ili wasikilizane. Unaingia katika mnada usioweza kuushinda, kwa sababu wewe una koo moja na wao wana makumi.

Sababu ya msingi ni umbali, na umbali haudanganyiki kwa bidii. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi maradufu, nguvu ya sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo mtoto aliye mita 16 anapokea sauti dhaifu kwa desibeli 12 kuliko aliye mita 4. Katika ukumbi wenye kuta tupu hali ni tofauti kidogo, kwani sauti inafika nyuma lakini imechanganyika na mwangwi wake, na maneno yanakuwa uji.

Marekebisho yake ni kuhama. Toka mbele, uende usimame karibu na mahali kelele ilipo nene zaidi, mara nyingi ukutani nyuma au kwenye kona, na utoe mwito ukiwa hapo. Watoto walio kando yako watakuwa wa kwanza kuitikia, na kwa kuwa wale wa mbele ndio waliozoea kukusikiliza, watageuka na kujiunga wenyewe. Simama imara unapoita. Mtu mzima anayeita huku akitembea, akiokota vitu na kunyoosha viti, huonekana kama sehemu ya shughuli inayoendelea, si mwisho wake.

Ikiwa huwezi kuhama, badilisha aina ya sauti badala ya ukubwa wake. Makofi hukatiza kelele za maneno vizuri kuliko maneno, kwa sababu mpigo wa kofi huanza ghafla na hauna maana ya kupotea katika mwangwi. Piga makofi mawili ya taratibu na matatu ya haraka, watoto wayarudie kwa mdundo uleule. Kofi lina faida nyingine ambayo haionekani mara moja: mikono iliyokuwa ikimvuta jirani au kushika mpira sasa imepata kazi. Katika mwitikio wa mwisho, badala ya kupiga makofi kamili, waambie wapige kwa vidole viwili tu juu ya kiganja, ili mdundo ushuke kama ule mnong'ono.

Dalili: wananyamaza kweli, kisha kelele inarudi kabla hujamaliza sentensi

Ukimya ulipatikana. Uliupoteza wewe. Nasema hivyo bila lawama kwa kuwa nimeupoteza mara nyingi mwenyewe, na huwa kwa njia moja kati ya mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kuanza kusema mapema mno. Watoto 50 wamenyamaza, kumi bado wananong'ona, na wewe, ukihofu kwamba nafasi itapotea, unaanza maelezo juu ya minong'ono hiyo. Wale kumi wamejifunza kwamba unaweza kusema wakati wao wanasema, na wale 50 wamejifunza kwamba kunyamaza kwao hakukuwa na sababu. Subiri. Ukimya kamili unapofika, uache ukae kwa pumzi moja, sekunde mbili hivi, kabla ya neno la kwanza. Pumzi hiyo huwa ndefu sana kwa anayesubiri mbele ya kundi, na ndiyo maana wengi huikata.

Njia ya pili ni kuchelewa. Kiongozi anaita, anapata ukimya, kisha anainama kutafuta karatasi, au anamwuliza mwenzake ni kikundi gani kinaanza. Utulivu wa kundi lililochangamka haudumu zaidi ya sekunde tano au sita ukiwa mtupu. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba siiti mpaka niwe na sentensi ya kwanza kamili kichwani, na vitu vyote vinavyohitajika viwe mkononi.

Sentensi hiyo ya kwanza inastahili kutazamwa kwa karibu. Linganisha hizi mbili. "Sasa, kama mnavyokumbuka, jana tulisema kwamba tutagawanyika katika vikundi, lakini kabla ya hapo kuna jambo moja ningependa kuwakumbusha." Na hii: "Keti chini hapo ulipo." Ya kwanza haina la kufanya, kwa hiyo mtoto anatafuta lake. Ya pili ina maneno manne, inaushughulisha mwili mara moja, nayo husemwa kwa sauti ya chini kuliko ile uliyoitumia kuita. Maelezo marefu yaje baada ya makalio yote kufika sakafuni.

Dalili: ilifanya kazi wiki ya kwanza, sasa wanaitikia kama wenye usingizi

Watu huliita jambo hili kuchoka kwa ishara, nao huleta mwito mpya wenye maneno ya kuchekesha, ambao nao hufa baada ya wiki mbili. Kabla ya kubadilisha, hesabu. Katika kipindi cha saa moja uliitumia mara ngapi, na katika mara hizo ni ngapi ambazo kulikuwa na jambo la kweli lililofuata? Nikiitumia zaidi ya mara nne au tano kwa saa, huwa ninajua kwamba nimeanza kuwaita watoto ili nijipumzishe masikio tu, au ili kusema jambo ambalo ningeweza kulisema kwa watoto watatu waliohusika.

Sababu iliyo mbaya zaidi ni kurudia. Ukiita, ukapata nusu, ukaita tena, ukapata robo tatu, ukaita mara ya tatu ndipo wote wakatulia, umewafundisha kwa vitendo kwamba mwito unaohesabika ni wa tatu. Hawana haja ya kukatisha mazungumzo yao kwa ule wa kwanza. Rekebisha kwa kuita mara moja tu, kisha kubaki na alama ya kuonekana, kama mkono ulioinuliwa au kidole mdomoni, bila kutoa sauti, mpaka wote watulie. Siku ya kwanza ya kufanya hivyo itakuchosha. Niliwahi kusimama na mkono juu kwa karibu dakika nzima. Usitazame saa kwa kujionyesha, usitaje majina ya waliochelewa, na usianze hotuba ya kuwalaumu wakishanyamaza, kwa sababu hotuba hiyo humwadhibu zaidi yule aliyenyamaza kwanza.

Kama watoto wamegeuza mwitikio kuwa kichekesho, kwa sauti za katuni au maneno yaliyopinduliwa, tazama urefu wake. Mwitikio wa maneno matano una nafasi nyingi za kuchezewa. Wa silabi mbili na ngumi inayofungwa hauna. Ufupishe, na ufundishe upya wakiwa wametulia, bila kulitaja kosa lao.

Dalili: mdomo unaitikia, miguu bado inakimbia

Mwitikio wa maneno hausimamishi mwili. Mtoto wa miaka 7 anaweza kukuitikia vizuri kabisa huku akizunguka nguzo. Kwa michezo ya mbio tumia mwito unaowafikia miguuni: "Miguu?" na jibu "Imeganda!", ambapo jibu linatolewa mguu ukiwa umeshatua, magoti yamekunjwa kidogo na mikono imeshika mapaja. Kushika mapaja si pambo. Anayeshika mapaja yake hamsukumi mwenzake. Baada ya hapo ndipo ulete ngazi za kushusha sauti, kwa kuwa anayehema bado hawezi kunong'ona, naye anahitaji sekunde kumi au zaidi za kupumua kabla hujamtarajia kimya.

Dalili: ni mtoto mmoja au wawili tu wasioitikia

Usiifanye kasoro ya ishara kuwa kasoro ya tabia kabla ya kuchunguza. Mtoto asiyesikia vizuri hukosa mwito kila mara anapokupa mgongo, na dalili yake ni kwamba huitikia akichelewa kidogo baada ya kuwatazama wenzake. Mtoto mgeni hajafundishwa. Mwingine hulemewa na kelele, na utamwona akiziba masikio hasa wakati watoto wote wanapojibu kwa pamoja. Kwake mwitikio wenyewe ndio tatizo, na ngazi ya kwanza ya ishara yako inapaswa kupunguzwa sauti kwa ajili yake. Kwa hawa wote, kila mwito uambatane na alama ya mkono inayoonekana kutoka kila upande, na yule anayelemewa na kelele apewe ruhusa mapema ya kujibu kwa mkono bila sauti.

Panapokuwa hapana kasoro katika ishara

Zipo nyakati ambapo mwito, mwitikio na sekunde zake viko sawa, lakini utulivu haudumu. Ukiona kwamba watoto wanatulia ndani ya sekunde nne, wanasikiliza vizuri kwa dakika moja, kisha wanaanza kuvurugika kutoka pande zote kwa pamoja, usiite tena. Kelele inayoanzia upande mmoja ina chanzo unachoweza kukiendea kwa miguu. Inayoanzia kila upande huonyesha kwamba umewakalisha kupita kiasi, au kwamba foleni ni ndefu na wengi hawana la kufanya, na dawa yake ni kuanza shughuli hata kama maelezo yako hayajakamilika.

Mwisho, ishara ya dharura iwe tofauti kabisa na hii ya kila siku, kwa mfano mlio mrefu mmoja wa filimbi usiohitaji kujibiwa. Ifanyiwe mazoezi kwa uwazi, watoto wakijua kwamba ni mazoezi, na isitumiwe kamwe kuwaokoa watu wazima walioshindwa kupata ukimya kwa njia ya kawaida. Niliwahi kuitumia hivyo mara moja, nikiwa nimechoka. Watoto walisimama wote, wakanitazama, kisha mmoja akauliza kuna nini. Sikuwa na jibu, na mazoezi yaliyofuata watoto kadhaa hawakusimama.